Swali la stetimenti ya pesa za simu: salio la mwisho liko wapi, na makato ni kiasi gani?

Kibatari

Habari za jioni wakuu. Nimerudi masomoni baada ya miaka mingi na najiandaa na mtihani wa hisabati. Mengine yananiendea vizuri, lakini kuna swali la aina moja linanishinda kila nikikutana nalo. Unapewa stetimenti ya pesa za simu ya siku chache, halafu unaulizwa mambo mawili: salio la mwisho, na jumla ya makato yaliyolipwa. Hili hapa nimelinakili kama lilivyo, namba za miamala tu nimezifupisha. Salio la kuanzia wameliandika juu ya jedwali: 12,400.

```
Tarehe       Na.  Maelezo                       Ingia    Toka    Salio
07/03 18:20  K61  Muda wa maongezi                  -     500   ......
06/03 14:02  K58  Kurudishiwa pesa ya K55       3,000       -   12,260
06/03 09:41  K55  Ada ya kutuma                     -     100    9,260
06/03 09:41  K55  Kutuma pesa                       -   3,000    9,360
05/03 16:15  K49  Kutoa kwa wakala, ada 200 imo     -   6,200   12,360
04/03 11:30  K42  Ada ya kulipa bili                -      90   18,560
04/03 11:30  K42  Kulipa bili                       -   5,600   18,650
03/03 08:05  K37  Ada ya kutuma                     -     150   24,250
03/03 08:05  K37  Kutuma pesa                       -   8,000   24,400
02/03 19:48  K31  Kupokea pesa                 20,000       -   32,400
```

Mimi nimeandika salio la mwisho 32,400 kwa sababu ndiyo namba ya mwisho kabisa kwenye safu ya salio. Makato nimepata 340. Majibu nyuma ya kitabu yanasema 11,760 na 540. Nimerudia mara tatu na bado sioni nilipoteleza. Hata hizo nukta za juu sikuzielewa, nilidhani akaunti ilikuwa haijaanza kutumika.

Msafiri_K

Ndugu yangu, hapo ni kanuni moja tu. Chukua salio la kuanzia, ongeza zote zilizoingia, toa zote zilizotoka. Zilizoingia ni 20,000 na 3,000, jumla 23,000. Zilizotoka ukizijumlisha zote zinafika 23,640. Kwa hiyo 12,400 ukiongeza 23,000 ni 35,400, toa 23,640, unabaki na 11,760.

Lakini hapo kitabu kimeishia njiani. Makato hawajayatoa. Ukitoa 540 ya makato unapata 11,220, na hilo ndilo salio la kweli. Andika hivyo.

BibiDaftari

Kibatari, usiandike hivyo mwanangu, subiri kwanza. Kanuni ya Msafiri ni sahihi mpaka alipopata 11,760. Hatua ya baada ya hapo inakata pesa ileile mara mbili, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na ulipoteleza wewe. Kabla hujagusa namba yoyote, weka kidole kwenye safu ya tarehe. Mstari wa juu ni tarehe 7, wa chini ni tarehe 2. Stetimenti hii imepangwa kuanzia muamala mpya kwenda wa zamani. Maana yake siku ya kwanza iko chini, na siku ya mwisho iko juu. Ile 32,400 uliyoiandika ni salio baada ya muamala wa kwanza kabisa, pesa ilipoingia tarehe 2. Ni salio la siku ile, halijaguswa na kutuma wala kulipa bili.

Sasa zile nukta ziko kwenye mstari wa tarehe 7, yaani muamala wa mwisho. Wamekuachia wazi makusudi, hapo ndipo jibu la swali la kwanza linapokaa. Hutahitaji hata kujumlisha stetimenti nzima. Mstari ulio chini yake unasema salio ni 12,260. Muda wa maongezi umetoa 500. Basi 12,260 toa 500 ni 11,760.

Mimi nimefanya kazi ya uwakala miaka mingi na nimesoma stetimenti nyingi, za wateja na zangu. Hata leo nikipewa karatasi nachukua kipande cha karatasi nyingine, nafunika yote, halafu nafunua mstari mmojammoja kutoka chini kwenda juu. Macho yamezoea kusoma kutoka juu kwenda chini, na mazoea hayo ndiyo yanayowapotosha watu hapa. Ukifunika, macho hayana pa kukimbilia.

Kibatari

Asante sana bibi. Kumbe hata tarehe sikuzitazama, nilikwenda moja kwa moja kwenye namba. La kwanza limeeleweka. Kwenye makato nimejumlisha 150, 90 na 100, mistari yote iliyoandikwa "Ada". Wao wamepata 540. Hiyo 200 imo kwenye ule mstari wa wakala, sivyo? Ila mimi niliiona kama maelezo tu, haipo kwenye safu ya Toka.

BibiDaftari

Ndiyo, ni hiyo. Na nataka uione kwa macho badala ya kunikubalia tu, kwa hiyo tuangalie miamala miwili kwa karibu.

Chukua K37 ya tarehe 3. Ina mistari miwili yenye namba moja na dakika moja, saa 08:05. Mstari wa chini unasema 8,000 imetoka, salio likashuka kutoka 32,400 hadi 24,400. Mstari wa juu yake unasema ada 150 imetoka, salio likashuka tena hadi 24,250. Mtu aliyetumiwa alipata 8,000 kamili, na mtumaji alipungukiwa 8,150. Hapa ada imetengwa, ina mstari wake, unaiona.

Sasa njoo K49 ya tarehe 5. Tafuta mstari mwingine wenye namba K49. Haupo. Salio limeshuka mara moja tu, kutoka 18,560 hadi 12,360, tofauti yake 6,200. Lakini aliyetoa pesa hakupewa 6,200 mkononi. Amepewa 6,000, na 200 ikaenda kwenye ada. Hapa ada imefichwa ndani ya kiasi, na kitu pekee kinachokuambia ni yale maneno "ada 200 imo".

Kwa hiyo unapotafuta makato usiutafute mstari wenye neno "Ada" peke yake. Pita kwenye kila namba ya muamala uliotoa pesa na uiulize: ada yako iko wapi? K37 inajibu kwa mstari wake. K42 vilevile, K55 vilevile. K49 inajibu ndani ya maelezo. K61, muda wa maongezi, haina jibu popote, kwa hiyo haikutozwa. Jumla 150, 90, 200 na 100 ni 540.

Msafiri, na wewe sasa nadhani umeona. Kwenye safu ya Toka ada zote nne zimeshaingia, tatu kwa mistari yake na moja ndani ya 6,200. Ulipojumlisha ukapata 23,640, ulishazitoa. Ukizitoa tena unamlipisha mtu mara mbili.

Msafiri_K

Nimekuelewa bibi, na nakubali kwa swali hili. Ila mimi sikuitunga hiyo njia hewani. Kuna swali nililifanya zamani, jibu lilitaka makato yatolewe kwenye hesabu ya salio, na nilipata alama zote. Kwa nini pale ilikuwa sahihi na hapa siyo?

Mwl_wa_Jioni

Naomba niingie hapo, maana nafundisha watu wazima na swali la Msafiri huulizwa kila mwaka.

Bila shaka swali lako la zamani lilikuwa na safu ya peke yake iliyoandikwa "Ada", pembeni ya safu ya kiasi. Kwa mfano mstari mmoja unasema kiasi 8,000, ada 150, na hakuna mstari wa pili. Kwenye jedwali la namna hiyo safu ya kiasi haina ada ndani, kwa hiyo usipotoa ada salio lako litakuwa kubwa kuliko linalotakiwa. Ulikuwa sahihi kabisa pale.

Namna ya kujua uko kwenye jedwali gani ni kupima mstari mmoja kabla ya kuanza. Chagua mstari wenye ada, tazama salio la kabla yake na la baada yake. Likiwa limeshuka kwa kiasi peke yake, ada ama imo ndani ya kiasi hicho ama ina mstari wake. Likiwa limeshuka kwa kiasi pamoja na ada, basi ada iko safu ya pembeni na lazima uitoe. Kipimo hiki hakichukui hata nusu dakika, na wanafunzi wangu wanaokiruka ndio wanaokosa alama nyingi zaidi.

Tumaini_88

Samahani kuingilia, lakini mbona hakuna anayeona kosa lililo wazi? Mimi natuma pesa kila wiki na ada ya kutuma 8,000 siyo 150. Ya kulipa bili nayo siyo 90. Hiyo stetimenti imekosewa, ndiyo maana majibu hayaji. Mwambieni ajumlishe kwa viwango halisi, nitaweka jedwali la kampuni ninayotumia.

Mwl_wa_Jioni

Tumaini, usiliweke tafadhali, litamchanganya Kibatari. Swali halimuulizi ada ilipaswa kuwa ngapi. Linamuuliza ni kiasi gani kililipwa katika stetimenti hii. Kampuni zinatofautiana viwango na viwango vyenyewe hubadilika, kwa hiyo mtungaji wa swali anaweka namba zake, na hizo ndizo zinazotumika.

Kuna maswali mengine yanayokupa jedwali la viwango na kukutaka utafute ada mwenyewe kwa kuangalia kiasi kinaangukia daraja gani. Hayo ni mengine, na jedwali lake huja pamoja na swali. Ukikuta hujapewa jedwali, hakuna la kutafuta nje ya karatasi.

Tumaini_88

Sawa mwalimu, nilisoma haraka nikadhani anauliza stetimenti yake mwenyewe ina makosa. Lakini ingekuwa ya kwangu kweli, ningeuliza kampuni.

NyotaNjema

Mimi nina shaka na hiyo 540. K55 ilirudishwa, K58 inasema wazi kwamba ni pesa ya K55. Muamala ukirudishwa ni kama haukufanyika. Sasa mbona tunahesabu ada yake? Mimi ningeandika 440 na ningeitetea mbele ya msahihishaji.

BibiDaftari

Swali zuri, na watu wengi wanafikiri hivyo. Jibu lake liko kwenye mstari wa K58, twende tukautazame.

Kabla ya K55 salio lilikuwa 12,360. Ikatoka 3,000, ikatoka ada 100, likabaki 9,260. Kisha saa 14:02 ikarudi 3,000, likawa 12,260. Kama muamala ungekuwa umefutika kabisa pamoja na ada yake, salio lingerudi pale lilipokuwa, 12,360. Halikurudi. Limepungua 100. Hiyo mia moja ilitoka na haijarudi mpaka stetimenti inaisha, kwa hiyo imelipwa.

Ingekuwa kampuni imerudisha na ada, ungeona mojawapo ya mambo mawili: mstari wa pili wenye 100 kwenye safu ya Ingia, au K58 ikiwa na 3,100 badala ya 3,000. Hakuna hata kimoja.

NyotaNjema

Nimeona hiyo 12,360, bibi, hapo sina la kupinga. Linalonisumbua ni neno "yaliyolipwa". Tuseme wangerudisha na ile 100. Je, makato yaliyolipwa yangekuwa 540 kwa sababu yalilipwa kwanza, au 440 kwa sababu yalirudi?

Mwl_wa_Jioni

Hapo Nyota hata sisi walimu tunatofautiana. Mimi ningetaka 440, kwa sababu aliyerudishiwa ada hajaigharimia. Mwenzangu mmoja husahihisha kwa kuhesabu kila mstari wa ada uliotoka, halafu anataka marejesho yaandikwe peke yake. Ninachowaambia wanafunzi ni kuandika sentensi moja pembeni ya jibu, kwamba nimehesabu ada baada ya kuondoa iliyorudishwa, ili msahihishaji aone ulichokusudia. Kwa swali la Kibatari tatizo hilo halipo, ada haikurudi.

Mlinzi_wa_Hazina

Naomba niongeze langu, halihusu mtihani lakini ni jambo lilelile.

Ninatunza hazina ya kikundi chetu. Mwisho wa mwezi mmoja nilinakili stetimenti kwenye daftari, mstari kwa mstari, na salio la daftari langu likazidi la stetimenti kwa 350. Nilihangaika siku mbili. Nilijumlisha upya, nikajumlisha upya tena, nikapata ileile. Wenzangu hawakusema neno baya, lakini ukiwa umeshika pesa za watu usiku haulali.

Mwishowe nilifanya kama anavyosema bibi, mstari mmojammoja kutoka chini. Kila mstari nikaangalia kama salio lake linatokana na salio la mstari wa chini yake. Nilipofika ukingo wa ukurasa, halikutokana. Mstari wa juu kabisa wa ukurasa wa pili ulikuwa kutoa 30,000. Mstari wa chini kabisa wa ukurasa wa kwanza ulikuwa ada ya muamala huohuo, 350, na mimi nilipogeuza karatasi niliuruka. Namba ya muamala ni moja, dakika ni moja, ila vimetenganishwa na ukingo wa karatasi. Kujumlisha upya kusingenisaidia hata kwa mwaka, kwa sababu nilikuwa najumlisha kwa usahihi orodha yenye pengo.

BibiDaftari

Pole sana ndugu, na hongera kwa kulipata. Hilo la ukingo wa ukurasa nimelikuta mara nyingi. Na umelisema vizuri, jumla haiwezi kukuonyesha mstari usiokuwepo. Salio la kila mstari ndilo linaloonyesha.

Mwl_wa_Jioni

Kisa cha Mlinzi kinanifikisha kwenye kipimo nilichotaka kumpa Kibatari, cha kuhakiki makato bila kuyajumlisha. Kinasaidia sana kwenye mtihani kwa sababu kinapita njia nyingine kabisa, kwa hiyo kosa la kwanza mara nyingi halijirudii.

Sahau ada zote. Jiulize pesa zilikwenda wapi kwa kazi iliyokusudiwa. Mtu alitumiwa 8,000. Bili ililipwa 5,600. Mkononi kwa wakala ilishikwa 6,000. Muda wa maongezi 500. Ile 3,000 ilikwenda ikarudi, kwa hiyo iache nje pande zote mbili. Jumla ya matumizi ni 20,100.

Upande wa pili, alikuwa na 12,400 na akapokea 20,000, jumla 32,400. Kama kusingekuwa na makato, angebaki na 32,400 toa 20,100, yaani 12,300. Lakini amebaki na 11,760. Tofauti ni 540. Hiyo tofauti haina pa kwenda ila kwenye ada.

Angalia faida yake. Ungekuwa umesahau ile 200 ya wakala na kupata 340, kipimo hiki kingekuambia kuna 200 imepotea. Lakini angalia pia udhaifu wake: ukiandika kwamba mtu alishika 6,200 kwa wakala badala ya 6,000, kipimo nacho kitakupa 340 na kitakubaliana na kosa lako. Kwa hiyo mstari wa namna ya K49 lazima usomwe kwa makini kwanza, hakuna hesabu itakayokusomea.

Msafiri_K

Na kama wasingeandika "ada 200 imo"? Mstari unasema tu kutoa kwa wakala, 6,200. Utajuaje?

BibiDaftari

Kwenye stetimenti peke yake, huwezi. 6,200 inaweza kuwa 6,000 na ada 200, inaweza kuwa 6,050 na ada 150, inaweza kuwa 6,200 kamili bila ada. Salio litashuka vilevile kwa zote tatu. Swali la haki litakupa kitu kingine cha kushika: maelezo kwenye mstari, jedwali la viwango, au sentensi juu ya jedwali inayosema kiasi alichoshika mkononi. Kama hakuna hata kimoja, hesabu ada zinazoonekana tu. Usibuni ada kwa sababu unajua kwamba kwa kawaida kutoa pesa hukatwa.

Kibatari

Nimekaa na daftari tangu mlipoanza. Nimelifanya upya bila kuangalia mlichoandika, nikifunika kwa karatasi kama alivyosema bibi. Salio 11,760. Makato nimeandika kwa namba za miamala: K37 150, K42 90, K49 200, K55 100, jumla 540. Kisha kipimo cha mwalimu nacho kikaja 540. Nimefurahi sana.

Sasa ninaomba mnipe moja la kunijaribu, la aina tofauti kidogo.

Mwl_wa_Jioni

Chukua jedwali lilelile, lakini futa ile 12,400 iliyoandikwa juu. Tuseme hawakukupa salio la kuanzia. Lipate. Kisha niambie kama jibu la makato linabadilika.

Kibatari

Nimefikiri hivi. Mstari wa chini kabisa ni wa kwanza kutokea. Baada ya kupokea 20,000 salio ni 32,400. Kwa hiyo kabla ya hapo lilikuwa 32,400 ongeza 20,000, yaani 52,400.

Hapana, ngoja. Nimekosea. Pesa iliingia, kwa hiyo kabla yake ilikuwa kidogo. 32,400 toa 20,000 ni 12,400. Imerudi kuwa ileile.

Makato hayabadiliki, kwa sababu yako kwenye mistari na hayategemei alianza na ngapi. Na kipimo chako cha kuhakiki bado kinawezekana, kwa sababu ile 32,400 kinayoanzia iko tayari kwenye mstari wa chini kabisa.

Mwl_wa_Jioni

Sahihi yote, na nimependa ulivyojisahihisha mwenyewe katikati. Ukirudi nyuma kwenye wakati, kilichoingia unakitoa na kilichotoka unakirudisha. Watu wengi hukwama hapo hapo ulipokwama na hawageuki.

NyotaNjema

Mwalimu, nirudi kwenye langu kidogo. Nimekuta swali jingine linalouliza "gharama za miamala" badala ya "makato". Ndani yake kuna mstari wa kodi uliotengwa na ada, chini ya namba ileile ya muamala. Je, kodi ni gharama?

BibiDaftari

Mimi ningeihesabu. Imetoka kwa sababu ya muamala, na mtu asingetuma asingeitoa.

Mwl_wa_Jioni

Mimi nisingeihesabu bila kuona sentensi yote ya swali. "Gharama" inaweza kubeba kodi, "ada" kwa kawaida haibebi. Nyota, linakili swali zima hapa pamoja na maelezo ya juu ya jedwali, tulione.

NyotaNjema

Kitabu nimekiacha kwa rafiki. Nitalileta kesho jioni.